Jina Lako Nalangu: Mchezo wa Maneno katika Kijibarua cha Mapenzi na Namna ya Kuutafsiri

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, katika sura zilizotangulia umejifunza kutambua mbinu za lugha kama tashbihi, takriri na majazi. Sura hii inashughulikia mbinu moja ambayo watahiniwa wengi huitaja bila kuieleza, nayo ni mchezo wa maneno. Tutaitazama mahali inapopatikana kwa wingi, yaani katika kijibarua cha mapenzi ambapo mwandishi anachezea jina la mpenzi wake. Kisha tutauliza swali gumu zaidi: mchezo huo unapopelekwa katika lugha nyingine, ni nini kinabaki na ni nini kinapotea?

Mifano yetu mikuu inatoka Ewuaso Kedong, Kaunti ya Kajiado. Nimepachagua kwa sababu mwanafunzi wa huko huishi na lugha tatu kwa siku moja. Nyumbani husema Kimaa, darasani husoma kwa Kiingereza, na sokoni na uwanjani hutumia Kiswahili. Hata jina la mahali penyewe limepitia safari hiyo. Wadi inaandikwa Ewuaso Oonkidong'i kwa kufuata Kimaa, lakini wengi wetu tunaandika Kedong tu. Sauti zimepunguzwa ili ulimi wa mgeni upite, na aliyekuwa akisikia kitu ndani ya sauti zile hakisikii tena. Jambo hilohilo hulipata jina la mpenzi linapotafsiriwa.

1. Mchezo wa maneno hutokana na nini?

Mchezo wa maneno hutokea pale sauti moja, au sauti mbili zinazokaribiana, zinapobeba maana mbili kwa wakati mmoja, na maana zote mbili zikawa zinafaa katika sentensi. Sehemu ya mwisho ya maelezo haya ndiyo muhimu. Maneno mengi ya Kiswahili yana maana zaidi ya moja, lakini hayawi mchezo mpaka maana zote ziwe na kazi.

Malighafi yake unaijua tayari kutoka Karatasi ya Pili. Ya kwanza ni vitawe. Neno ua lina maana ya sehemu ya mmea inayochanua, uzio wa nyumba, na pia ni kitenzi cha kutoa uhai. Kijana akimwandikia msichana, "Wewe ni ua, nami usiniue," amechezea kitawe. Ya pili ni vitate, yaani maneno yanayokaribiana kwa sauti. Wasomaji wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyokuwa kitabu teule kabla ya Chozi la Heri, wanawakumbuka Amani na Imani. Majina hayo yanatofautiana kwa irabu moja tu, ile ya mwanzo. Isitoshe, yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Sikio linawaunganisha vijana hawa kabla ya ploti kuwaunganisha.

Malighafi ya tatu haifundishwi sana, nayo ni ugawaji wa neno. Hapa mwandishi huchukua neno moja, akalikata mahali ambapo kwa kawaida halikatwi, na vipande vikawa maneno mengine. Mfano wetu mkuu ni wa aina hii.

2. Kijibarua chenyewe

Kijibarua kifuatacho nimekitunga kwa ajili ya sura hii. Tuseme kinatokea katika tamthilia. Kijana ambaye hatajwi jina anampelekea msichana aitwaye Nalangu karatasi iliyokunjwa mara nne. Nalangu ni jina la kike la Kimaasai.

"Nalangu,
Neno ulilonipa jana njiani nimelihifadhi. Langu sikulisema, lakini ukilitafuta utalipata. Liko nyuma ya lako. Watu wakiisoma karatasi hii watasema haina jina la mwandishi. Wewe soma tena. Penye jina lako Nalangu lipo. Kwenu lipo boma, kwetu lipo boma, na ng'ambo ya korongo pana mahali patupu. Siku moja nitawaomba wazee boma moja tu, lako Nalangu."

Soma mara ya kwanza kwa haraka. Unaona kijana anamtaja msichana kwa jina lake mara tatu, basi. Sasa rudi kwenye sentensi "Penye jina lako Nalangu lipo," na uisome kwa sauti. Sikio lako litasikia sentensi nyingine: penye jina lako, na langu lipo. Kumbe mwandishi ametia sahihi. Hakuiweka mwishoni mwa barua kama ada ilivyo. Ameiweka ndani ya jina la msichana.

Jina Nalangu kwa Kimaa halina uhusiano wowote na langu ya Kiswahili. Ni sadfa ya sauti. Majina mengi ya kike ya Kimaasai huanza kwa na, kama vile Naserian, Nashipae, Namunyak na Naisula. Katika Kiswahili, na ni kiunganishi, na wakati mwingine huwa na maana ya "pia". Kwa hiyo Mswahili anapolisikia jina la namna hiyo, sikio lake lina mlango wa kuingilia. Katika majina mengi mlango huo haufiki popote, kwa kuwa kipande kinachobaki si neno la Kiswahili. Katika Nalangu, kipande kinachobaki ni langu, nalo ni neno kamili.

3. Kwa nini mchezo huu unafanya kazi

Hebu tuuchunguze kama fundi anayefungua saa. Kuna mambo matatu yanayoushikilia, na moja likiondoka mchezo wote unaanguka.

La kwanza ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Nalangu mkazo uko kwenye la. Katika na langu mkazo pia uko kwenye la. Msemaji hahitaji kubadilisha chochote mdomoni. Hata hivyo kuna mpaka hapa. Ukitamka jina hili kwa ng ya ngoma, linalingana kabisa na "na langu". Ukilitamka kwa ng' ya ng'ombe, sauti zinabaki kuwa za vitate tu. Zinakaribiana, lakini hazilingani. Kwenye karatasi mchezo ni kamili, ila mdomoni hutegemea nani anasoma. Mwandishi wa tamthilia lazima alifikirie hilo, kwa sababu mwigizaji atasema na hadhira haitaona herufi.

La pili ni upatanisho wa kisarufi. Tazama nomino alizozichagua kijana: neno, jina, boma. Zote ziko katika ngeli ya LI-YA, na zote huchukua lako na langu. Hakuzichagua kwa bahati. Jaribu kuandika, "Penye moyo wako Nalangu upo." Usomaji wa kwanza unabaki, lakini wa pili umekufa, maana moyo uko katika ngeli ya U-I na unahitaji wangu. Huwezi kusema "moyo wako na langu". Wapo wanafunzi ambao wakitunga mfano wa namna hii huukimbilia moyo kwa sababu ni barua ya mapenzi. Ngeli ikikataa, mchezo nao umekataa. Angalia pia kwamba katika "jina lako" neno lako ni kivumishi kimilikishi, kwani linaandamana na nomino. Langu iliyojificha ndani ya jina ni kiwakilishi kimilikishi, kwa sababu nomino yake imeachwa.

La tatu ni uakifishaji. Sarufi ingetaka kituo kidogo kabla na baada ya jina la anayeitwa: "Penye jina lako, Nalangu, lipo." Kijana ameviacha vituo hivyo. Angeviweka, angekuwa ameufunga usomaji wa pili. Badala yake ameacha herufi kubwa ya N, na hiyo ndiyo inayolinda usomaji wa kwanza dhidi ya jicho la mtu mwingine. Herufi kubwa inasema hili ni jina. Kukosekana kwa vituo kunasema huenda si jina tu.

Vilevile ameacha ufunguo. Kabla ya kufika kwenye mchezo wenyewe ameandika, "Langu sikulisema... Liko nyuma ya lako." Ameitenga langu mwanzoni mwa sentensi ili sikio la Nalangu liizoee, kisha akamwambia mahali pa kuitafuta. Mchezo wa maneno usio na ufunguo mara nyingi humpita msomaji bila yeye kujua kwamba kulikuwa na kitu.

4. Mchezo huu una kazi gani katika kisa?

Sasa tufikie mahali ambapo alama hupotea. Nimesahihisha majibu mengi ya Karatasi ya Tatu yanayosema, "Mwandishi ametumia mchezo wa maneno ili kuivutia hadhira." Jibu hilo lingeweza kuandikwa kuhusu mbinu yoyote katika kitabu chochote. Mtahini hawezi kulipa alama ya umuhimu, kwa sababu halionyeshi kwamba mtahiniwa ameisoma kazi iliyo mbele yake.

Uliza badala yake: mchezo huu ukiondolewa, kisa kinapoteza nini? Katika kijibarua chetu kuna mambo mawili.

Kwanza, usalama unapotea. Karatasi hii inaweza kuangukia mikononi mwa mwalimu wa zamu au kaka yake Nalangu. Kwa mtu huyo, barua haina mwandishi. Jina la msichana limo, lakini la mvulana halimo. Mchezo wa maneno ndio unaomwezesha kijana kujitambulisha kwa mtu mmoja na kujificha kwa wengine wote, katika maneno yaleyale.

Pili, nia yake inapotea, na hapa hatari ni kubwa zaidi. Tazama sentensi ya mwisho: "nitawaomba wazee boma moja tu, lako Nalangu." Kwa usomaji wa kina, kijana anaomba boma moja ambalo ni la msichana na lake pia, yaani ndoa, tena kwa kupitia wazee kama mila inavyotaka. Kwa usomaji wa juu, anasema atawaomba wazee boma la Nalangu. Ni kijana gani anayeomba kupewa boma la akina msichana? Hayo yangekuwa matusi kwa babake. Kwa hiyo ikiwa Nalangu hakuusikia mchezo, hakukosa utani tu. Amepokea barua nyingine kabisa, yenye kiburi mahali ambapo palikuwa na heshima. Mwandishi wa tamthilia anaweza kujenga mgogoro mzima juu ya kosa hilo la kusikia.

Ukiandika hivi katika mtihani, umeihusisha mbinu na wahusika, maudhui na ploti kwa pamoja. Hilo ndilo tunalolitafuta tunaposema "fafanua".

5. Mchezo unapovuka mpaka wa lugha

Tuseme nyanyake Nalangu, ambaye anajua Kimaa pekee, anamwona mjukuu wake akitabasamu juu ya karatasi na kumwambia amsomee. Nalangu atafanya nini? Katika Kimaa, "langu" ni lai au ai, kwa kutegemea jinsia ya nomino. Olchore lai, kwa mfano, ni rafiki yangu. Kati ya lai na jina Nalangu hakuna sauti inayoshikana kama zinavyoshikana sauti za Kiswahili. Nalangu anaweza kutafsiri kila neno kwa usahihi na nyanyake asione cha kuchekesha. Maana zimefika zote, lakini kilicholeta tabasamu hakikufika.

Watafsiri wakubwa pia hukwama hapa. William Shakespeare, katika soneti zake zilizochapishwa mwaka 1609, ana shairi la 135 ambalo linachezea jina lake la kifupi, Will. Katika Kiingereza sauti hiyo ni jina la mtu, na pia ni utashi au tamaa. Katika Kiswahili jina ni jambo moja na tamaa ni neno jingine, nayo hayafanani hata herufi. Anayetafsiri shairi hilo neno kwa neno anabaki na mtu anayerudia jina lake bila sababu.

Amani na Imani nao hupatwa na hayo. Mtu akiwaita Peace na Faith kwa Kiingereza, maana za majina zimehifadhiwa. Ile irabu moja iliyowatenganisha na kuwaunganisha imetoweka.

6. Mfano uliofanyiwa kazi: kutoka Kimaa kwenda Kiswahili

Sasa tugeuze safari. Kijana mwingine, katika tamthilia hiyohiyo, anaondoka Ewuaso Kedong kwenda kutafuta kazi Kitengela. Anamwandikia mpenzi wake Naserian, kwa Kimaa, na anamalizia kwa maneno mawili tu: "Sere, Naserian."

Sere ni neno la Kimaa la kuagana. Jina Naserian limebeba neno serian, yaani amani. Ukiyatamka kwa kufuatana, unasikia kwamba lile neno la kuaga linarudi tena katikati ya jina. Kijana hawezi kumuaga bila kuanza kumwita, na kwa kuwa neno la kuaga linafanana na amani, kwaheri yake haina uchungu. Kazi ya mchezo huu ni moja: kuaga kunakokataa kuondoka.

Andika sentensi hiyo ya mwisho pembeni kabla hujatafsiri, kwa sababu ndiyo unayopaswa kuihamisha. Ukianza na maneno yenyewe utapotea. Kisha tujaribu tafsiri nne.

Jaribio la kwanza: "Kwaheri, Naserian." Maana ni sahihi na jina limehifadhiwa. Hakuna mchezo. Hiki ni kimalizio cha barua yoyote ile.

Jaribio la pili: "Kwaheri, Mwanaheri." Hapa mchezo umerudi mzima. Heri iko ndani ya kwaheri na iko ndani ya jina, tena heri na amani ni majirani kwa maana. Kwa sauti, hili ni zuri kuliko yote. Lakini Mwanaheri ni jina la Waswahili wa pwani. Tumemchukua msichana wa Kimaasai tukampeleka Lamu au Mombasa kwa neno moja. Ikiwa tamthilia nzima inahamishiwa pwani, pamoja na mandhari, mavazi na mila, jaribio hili linafaa. Ikiwa mandhari ni Ewuaso Kedong, hadhira itauliza huyu Mwanaheri ametoka wapi.

Jaribio la tatu: "Kwaheri, Naserian, na siri yangu." Tumelibakiza jina na kutafuta sauti ya Kiswahili inayokaribiana nalo. Na siri yangu inafanana na Naserian vya kutosha kuwa kitate. Tatizo ni kwamba tumeleta siri ambayo haikuwepo. Msomaji atasubiri kuona ni siri gani, na kisa hakina jibu. Mchezo umepatikana kwa kuharibu ploti. Kosa hili huwapata wanafunzi werevu zaidi, kwa sababu wakishaona sauti imelingana hufurahi na kusahau kuuliza inasema nini.

Jaribio la nne: "Nakuaga kwaheri, Naserian, lakini heri yenyewe naiacha kwako." Jina limebaki. Mchezo umehama kutoka kwenye jina hadi kwenye neno la kuaga, ambalo Kiswahili kinaruhusu kulikata mara mbili, kwa na heri. Kuaga kunakokataa kuondoka kumehifadhiwa, maana anayeondoka ameacha kitu nyuma. Wazo la amani nalo limebaki kupitia heri. Kilichopotea ni kwamba jina la Naserian halishiriki tena katika mchezo, na maneno mawili yamekuwa manane.

Kwa tamthilia inayotokea Kajiado, ningechagua jaribio la nne. Ningefanya hivyo nikijua nimelipa gharama, na ningeweza kuitaja gharama hiyo. Mtafsiri mzuri hupoteza pia, lakini anajua amepoteza nini na kwa ajili ya nini.

Kuna namna rahisi ya kuipima tafsiri yako. Msomee mtu ambaye hajaiona barua ya asili, bila kumweleza chochote. Kama anatabasamu au anaomba urudie, mchezo uko hai. Kama unalazimika kumwambia "ni kwa sababu kwa Kimaa neno fulani linafanana na fulani", mchezo umekufa na umebaki na maelezo. Katika kitabu unaweza kuweka tanbihi chini ya ukurasa. Jukwaani mwigizaji hana tanbihi.

7. Swali la mfano na mwongozo wa kujibu

Rejelea kijibarua cha Nalangu katika sehemu ya 2.

(a) Bainisha mchezo wa maneno uliotumika. (alama 2)
(b) Fafanua mchango wake katika kumjenga mwandishi wa kijibarua kama mhusika. (alama 4)

Jibu la (a) lenye alama zote: Mwandishi amechezea jina Nalangu kwa kuligawa kuwa "na langu" (alama 1). Kwa mfano, "Penye jina lako Nalangu lipo" inasomeka pia kuwa penye jina la msichana, la mvulana nalo lipo (alama 1). Zingatia kwamba kulitaja jina tu bila kuonyesha usomaji wa pili ni nusu ya kazi.

Jibu la (b): Unahitaji hoja mbili, kila moja ikiwa na mfano wake. Kijana ni mwangalifu, kwa kuwa anaificha sahihi yake ndani ya jina la mpenzi ili barua ikinaswa asijulikane; amesema mwenyewe kwamba watu "watasema haina jina la mwandishi". Pia ni mwenye kuheshimu mila, kwani katika "boma moja tu, lako Nalangu" anaomba ndoa kupitia wazee badala ya kumtorosha msichana. Ukiandika kwamba "ni mwenye mapenzi" hujakosea, lakini hoja hiyo haitokani na mchezo wa maneno. Ingetokana na barua yoyote ya mapenzi, na swali limeuliza kuhusu mchezo.

Swali lifuatalo halitakujia katika mtihani kwa sura hii. Ni zoezi la kufanyia darasani, wawili wawili, ikiwezekana na mwenzako ambaye lugha yenu ya nyumbani ni tofauti.

Maswali ya marudio

1. Badilisha nomino boma katika kijibarua cha Nalangu kwa nyumba, kisha kwa shamba. Ni katika badiliko lipi mchezo unabaki, na ni kwa nini? Toa sababu ya kisarufi.

2. Weka vituo vyote vinavyostahili katika sentensi mbili zenye mchezo. Eleza kilichotokea kwa kila usomaji.

3. Tafuta jina moja la mtu katika lugha ya kwenu ambalo likitamkwa husikika kama neno au kifungu cha Kiswahili. Tunga sentensi moja ambamo maana zote mbili zinafaa. Kama ni moja tu inayofaa, bado hujapata mchezo.

4. Tafsiri sentensi hiyo katika lugha ya kwenu kwa njia mbili: moja inayohifadhi jina na nyingine inayohifadhi mchezo. Chini ya kila moja andika kwa sentensi moja kilichopotea.